Jina la kundi la kuchana au la taarabu: anza na picha, neno la kitaa lije baadae

Makundi mengi yakitafuta jina yanaanza kwa kurushiana maneno makali kwenye grupu la WhatsApp, huyu anaandika Wakali, huyu Moto, yule anataka Simba, mnapiga kura usiku wa manane na linalopita ni lile ambalo halijamkera mtu. Baada ya miezi mnagundua hakuna anayelikumbuka, na emsii wa shoo anawataja vibaya kila mara. Njia ninayoitumia mimi na ninayowafundisha vijana ina mpangilio wake: unatafuta kwanza kitu ambacho mtu akifumba macho anakiona, ukishakipata ndo unakitafutia neno la mtaani, halafu unapima vina, halafu unalipeleka jina kwenye midomo ya watu usikie linatokaje. Ukianza na neno la kitaa halafu ndo utafute picha ya kulipachika, unaishia na jina lenye sauti nzuri ambalo halina chochote ndani.

Chukua mfano wa Jahazi Modern Taarab, kundi la Mzee Yusuf lililoanza 2006. Neno jahazi haliji peke yake, linakuja na tanga, nahodha, mabaharia, abiria, mawimbi, bandari na upepo wa kusi na kaskazi, yani mtunzi wa kundi hilo anapewa msamiati mzima bure siku ya kwanza, na mchora mabango hana haja ya kuuliza achore nini. Au Tausi, lile kundi la taarabu la wanawake wa Zanzibar, ukilisikia tu unaona manyoya na mwendo wa maringo, mavazi ya stejini yameshajieleza. Upande wa kuchana kuna Wachuja Nafaka wa Temeke, hapo picha ni kazi kabisa, unaona chujio, unaona punje nzuri zinabaki na uchafu unatoka, na mara moja unaelewa wanasema nini kuhusu mistari yao na ya wenzao. Sasa weka pembeni jina kama Wakali au Mamasta. Mkali wa nini, anafananaje, anakaa wapi? Hauoni kitu, na msikilizaji naye haoni.

Hatua ya kwanza: kusanya picha

Kaeni maskani yenu mnapokaa siku zote, sio studio, mtu mmoja aandike vitu vinavyoonekana hapo kwa macho. Vitu, sio sifa. Kama hauwezi kukichora kwa penseli ndani ya dakika moja usikiandike, kwa hiyo "uvumilivu" haingii ila "ndala iliyofungwa waya" inaingia. Endeleeni mpaka mfike vitu 30 hivi, kwasababu vile 10 vya mwanzo ni vile kila mtu angeandika (moto, simba, mfalme, nyota) na vyenu wenyewe vinaanza kutokea mkishachoka kidogo.

Tuchukulie rapa wanne wa Mbagala, ndo mfano tutakaoenda nao. Kwenye orodha yao kuna sufuria la supu ya pweza, jenereta la kinyozi, genge la nyanya, bodaboda yenye mwavuli, konda ananing'inia kwenye mlango wa daladala, ndoo za maji zimepangwa foleni, spika iliyopasuka. Vyote vinaonekana. Ila kuchagua kunataka maswali mawili: je ndani ya picha kuna mtu anafanya kitu, na je picha ina sauti yake? Genge la nyanya limetulia tu, hakuna kinachotokea. Konda mlangoni ana vyote, mguu mmoja ndani mmoja nje, noti zimekunjwa katikati ya vidole, anagonga bodi mara mbili gari linaondoka, anaita abiria kwa sauti ambayo tayari ni kuchana, maana ana mdundo na ana kupumua kwake. Hiyo picha inabeba watu wanne wenye maiki bila shida yoyote. Wakaichukua.

Hatua ya pili: neno la kitaa

Hapa ndo watu wanapoteleza zaidi, maana neno la mtaani linapendeza leo na mwakani linakuwa la wazee. Kuna maneno yamekaa miaka mingi kwenye midomo ya watu na hayajachakaa, kama kitaa, geto, maskani, wana, noma. Na kuna mengine yanatoka kwenye wimbo mmoja au klipu moja, yanavuma msimu mzima halafu yanapotea. Kipimo changu ni rahisi, mwambie neno hilo dogo wa miaka 13 na mwambie mtu wa miaka 40, kama wote wanalielewa bila kuelezwa basi hilo limeshakaa, lichukue. Kama dogo tu ndo analijua subiri. Kama mkubwa tu ndo analijua achana nalo, isipokuwa mnataka makusudi ladha ya zamani.

Neno la kitaa pia lina makazi. Ukisema machalii watu wanasikia Arusha, na Wagosi wa Kaya walipojiita hivyo nchi nzima ilijua hawa ni wa Tanga kabla hata hawajafungua mdomo, kwasababu mgosi ni jinsi watu wa kule wanavyoitana. Hiyo ni nguvu kubwa sana kama kweli mnatoka huko. TMK ni Temeke imefupishwa tu na ikawa alama. Kenya nako K-South walichukua Kariobangi South wakaipa herufi moja, na Buruklyn Boyz wakachanganya Buruburu na mtaa wa Wamarekani ikatoka sauti moja. Ila ukivaa neno la mtaa usio wako wenyeji wanalisikia palepale na watakuuliza kwenye mistari yao, kwa hiyo chukueni lugha ya mnapolala.

Turudi kwa wale wa Mbagala. Kitu cha kwanza kilichowajia ni Makonda, si ndo wingi wa konda. Linapiga, fupi, lina picha. Tatizo ni kwamba Makonda ni jina la mtu maarufu kwenye siasa, kwa hiyo anayewatafuta mtandaoni atapata kurasa na kurasa za habari za mtu mwingine, na kila interviu swali la kwanza litakuwa hilo. Wakaliacha. Wakajaribu Mlango wa Nyuma, maana wana wengi hupenda kukaa siti za nyuma, hapo tena neno likawasaliti kwasababu mtaani kupitia mlango wa nyuma ni kupata kitu kwa njia isiyo halali. Kwa hiyo kila jina linalopita hatua hii lazima lisomwe na watu wa pembeni, mmoja wa Pwani, mmoja wa Bara, mmoja mtu mzima wa kike, na muwaulize swali moja tu: hili neno kwenu lina maana nyingine? Mama ntilie wa mtaani kwenu atakwambia ukweli haraka kuliko prodyuza.

Mwisho wakabaki na mlangoni kama mahali, na wakaongeza neno la kuwataja watu wenyewe. Wana. Wana ndo jinsi masela wanavyoitana kila siku, oya wana, wana wapo? Likatoka Wana Mlangoni.

Hatua ya tatu: pima vina

Jina la kundi mtalitaja kwenye nyimbo zenu mamia ya mara, kwa hiyo lazima liwe na ndugu wa kutosha wa kuingia nao kwenye mstari. Kwenye kuchana kina cha silabi moja hakitoshi, sikio linataka angalau silabi mbili za mwisho zifanane, na Kiswahili kinatilia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hapo ndo ngumi inapotua. Andika silabi mbili za mwisho za jina, weka dakika 5 kwenye simu, orodhesha maneno yanayoishia hivyo. Ukipata chini ya 10 jina litawabana, mtajikuta kila wimbo mnarudia kina kilekile.

Wana Mlangoni inaishia -ngoni. Cheki: mgongoni, shingoni, ubongoni, udongoni, mapangoni, Wangoni. Ukilegeza kidogo ukachukua -oni peke yake mlango unafunguka wote, mkononi, moyoni, sokoni, jikoni, mtoni, usoni, mdomoni, machoni. Siri yenyewe iko kwenye ile -ni ya mahali, maana unaweza kuibandika kwenye karibu kila kitu, na ndo maana majina yanayoishia na mahali yanawapa watunzi uhuru mkubwa. Jamaa wakajaribu papo hapo:

Tumetoka mapangoni tukaning'inia mlangoni,
nauli ya mistari tunaikusanya mkononi.

Unaona mapangoni na mlangoni zinafanana mpaka vokali ya silabi ya tatu kutoka mwisho, hicho ni kina kinene, rapa anaweza kukipiga bila kuvuta sauti. Linganisha na jina linaloishia kwa konsonanti, kama Skwod au Klik. Kiswahili karibu maneno yote yanaishia na vokali, kwa hiyo jina la namna hiyo litakulazimisha urimishe na maneno ya Kiingereza tu. Kama ndo mnachotaka sawa, ila mjue mapema.

Kuna kipimo kingine ndani ya hichihichi, idadi ya silabi. Wana Mlangoni ina 6 (ile m ya mwanzo inahesabiwa peke yake, wa-na-m-la-ngo-ni). Kati ya 3 na 6 jina linaingia vizuri kwenye nusu ya baa na linabaki na nafasi ya kupumua. Likifika 9 au 10 utalazimika kulikimbiza, na mkikimbiza jina lenu wenyewe nani atalisikia?

Na kwa taarabu je

Taarabu mambo yanageuka kidogo. Kina kinachohitajika ni cha silabi ya mwisho tu, kwa hiyo upande huo ni rahisi zaidi, ila mizani ndo mkali, maana mashairi mengi ya taarabu bado yanatembea kwenye mishororo yenye mizani 16, 8 kabla ya koma na 8 baada, na kina cha kati kinatakiwa kiitikie chenzake cha mstari wa chini. Kwa hiyo jina la taarabu linalokaa kwenye mizani 8 kamili ni mali, linajaza ukwapi, yani kile kipande cha kabla ya koma, peke yake na mwimbaji halazimiki kuongeza "ee" au "jamani" kuziba pengo.

Tuseme kuna akina mama wa Makorora pale Tanga wanaanzisha kundi. Picha zao zitatoka ndani ya nyumba na kwenye shughuli: mkeka, kanga, kikuku, mkoba wa mwari, chetezo. Chetezo kina mambo. Kuna makaa mekundu chini, udi juu yake, moshi unapanda na kuingia kwenye nguo za kila mtu ukumbini, apende asipende. Kwa watu wa mipasho hiyo picha imekamilika, harufu nzuri kwa anayetupenda na moto kwa anayetuchokoza, vyote kwenye chombo kimoja. Neno lenyewe si la vijiweni, ni la ndani, na kwa taarabu lugha ya mtaa ndo hiyo, lugha ya ua na ya baraza la wanawake. Wakichukua neno la masela waliweke mbele ya bendi ya taarabu wateja wao wa maharusi hawatawaelewa.

Jina likawa Chetezo cha Makorora. Hesabu: che-te-zo cha ma-ko-ro-ra, mizani 8 juu ya alama. Sasa ona linavyoingia kwenye shairi:

Chetezo cha Makorora, moshi wetu ni tulizo,
ukija kwa masihara, moto wetu si mchezo,
tunafukiza busara, na kufukuza mawazo.

Kina cha kati kinaenda na -ra, cha mwisho na -zo, na -zo ina ndugu wengi wa taarabu hasa: liwazo, mwanzo, tatizo, kikwazo, tuzo. Kama jina lingekuwa Chetezo cha Tanga, ni mizani 6, mtunzi angebaki na mapengo mawili kila anapolitaja, na kila mara angeziba kwa neno lisilo na kazi. Ndo maana nasema hesabuni kabla hamjashona sare.

Kuhusu kuongeza maneno Modern Taarab mwishoni, wengi wanafanya na yana kazi, yanamwambia mwenye shughuli mnapiga nini na yanawatenganisha na vitu vingine vyenye jina hilohilo mtandaoni. Ila yawekeni kama mkia tu. Hayatatajwa.

Hatua ya nne: watu watalikata jina, liandaeni kwa kukatwa

Hakuna shabiki anayetaja jina refu lote. Jahazi Modern Taarab ni Jahazi, Wagosi wa Kaya ni Wagosi, TMK Wanaume Family ni Wanaume. Kinachobaki mara nyingi ni neno lenye uzito la mwanzo, kwasababu Kiswahili kinaweka jambo kubwa mbele na maelezo nyuma. Kwa hiyo picha yenu ikae kwenye neno litakalobaki. Chetezo cha Makorora kikikatwa kinabaki Chetezo, picha iko salama. Lakini wangejiita Sauti ya Chetezo watu wangesema Sauti, na sauti ziko elfu. Wana Mlangoni wana bahati, wana ni neno jepesi mno kubaki peke yake, mtu atasema "niliwaona Mlangoni juzi", sawa kabisa.

Halafu lipigeni kelele. Hili msilifanye kichwani, tokeni nje kabisa, mmoja asimame mbali kama ng'ambo ya barabara aite kwa nguvu mara moja, na mtu ambaye hajawahi kulisikia aandike alichosikia. Akiandika sawa mmepita. Mlangoni linatoka vizuri kwasababu lina vokali pana, na lina faida ya ziada kwamba linagawanyika, mmoja stejini anaita "Wanaaa!" na watu wanajibu "Mlangoniii!", shoo imeshaanza kabla ya biti. Chetezo linavutwa kwenye o ya mwisho, mshereheshaji akilivuta ukumbini linabaki hewani mpaka kinanda kinaingia. Majina yanayoshindwa hapa ni yale yenye konsonanti zimebanana au yenye maneno mawili yanayofanana mwanzo, yakipita kwenye spika mbovu yanageuka uji.

Na jaribuni kulitukana wenyewe kabla wengine hawajafanya. Wana Mlangoni adui atasema nini? Atasema "bado mko mlangoni, ndani hamjaingia". Ni kijembe kizuri kweli, kwa hiyo jibu liwepo tayari kwenye wimbo wa kwanza, kwamba aliye mlangoni ndo anaamua nani apande na nani ashuke. Kama kijembe kinauma na jibu hamna hata baada ya siku kadhaa za kufikiria, badilisheni jina.

Hatua ya tano: akaunti, usajili na nani mwenye jina

Andikeni jina bila nafasi kama litakavyokuwa kwenye akaunti, wanamlangoni, chetezochamakorora, mpeni mtu asome kwa sauti. Yanaposhikana maneno huweza kuzaa neno lingine katikati na mara nyingine la aibu. Instagram inaruhusu mpaka herufi 30, YouTube nako hivyohivyo, kwa hiyo yote mawili yanaingia. Tafuteni jina YouTube, Boomplay na Audiomack, mkikuta mtu ana jina hilohilo na ana nyimbo, liacheni hata kama yeye ana wasikilizaji wachache, maana majukwaa yanachanganya nyimbo zenu na zake na kuzitenganisha ni kazi ya miezi. Na spelingi iwe moja tu. Mkiandika Wana leo, Waana kesho na Wanah keshokutwa mnajigawa wenyewe mara tatu kwenye utafutaji.

Kwa walioko Tanzania Bara kundi linasajiliwa BASATA, lile baraza la sanaa, kazi zenyewe zinaenda COSOTA kwenye hakimiliki, na jina kama biashara au alama mnalipeleka BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Watu wengi wanaishia kwenye kufungua akaunti halafu jina linakwenda na aliyeshika neno la siri.

Kwa hiyo kabla wimbo wa kwanza haujatoka kaeni muandike ukurasa mmoja: jina ni la nani kundi likigawanyika, anayetoka anaweza kulitumia au hawezi, akaunti zinashikwa na watu wangapi (wawe angalau wawili). TMK Wanaume walipogawanyika neno Wanaume lilienda pande zote mbili, wengine wakabaki Family na wengine wakawa Halisi, na mashabiki wakawa wanauliza ni Wanaume gani. Ndo maana pia siwashauri jina lenye idadi ya memba au lililounganishwa majina yao. Rostam limefaa kwasababu ni wawili tu, Roma na Stamina, na majina yalivyokatwa yakakutana yakatoa jina ambalo watu tayari walikuwa wanalijua. Mkiwa wanne mtapata kitu kisichotamkika, na akitoka mmoja mnabaki na herufi zake. Wale wa Mbagala waliandika kwamba Wana Mlangoni ni la wote wanne, anayetoka anaruhusiwa kujiita "zamani wa Wana Mlangoni" na si zaidi, wakasaini, kila mmoja akapiga picha ile karatasi kwenye simu yake.